Google Photos na Sura Zetu: Usiishie Kwenye Kuficha

Haya jamani, karibuni tena, nipo hapa Shangani, Mtwara. Leo ni Google Photos. Mambo ya nafasi ya kuhifadhi mnayajua, nayaruka. Nataka tuzungumze kuhusu hizi duara zenye sura za watu. Tazama simu yangu: huyu mtoto wa dada, nikimgusa, zinatoka picha zake tangu mchanga mpaka leo na sare za shule! Hakuna aliyeziandika jina. Programu imepima sura yake, ikatunza vipimo, na kila picha mpya inalinganishwa navyo.

Sasa kinachoniudhi. Ukitafuta namna ya kuiondoa sura, unakutana na sehemu ya kuficha. Nimeificha hii hapa, mmeona? Duara limetoweka. Wengi wanaishia hapo wakiamini wamefuta. Lakini narudi, naifichua, na picha zake zote zimerudi zikiwa zimepangwa vilevile. Maana yake vipimo havikwenda popote.

Cha kufuta kiko kwingine. Gusa picha yako ya wasifu juu kulia, ingia kwenye mipangilio, halafu Preferences, halafu Group similar faces. Hapo zima Face grouping. Inakuonya kwanza, soma! Ukikubali, vinafutwa vitu vitatu: makundi ya sura, vipimo vyenyewe, na majina uliyoyaandika. Picha zako zinabaki.

Ila ngoja, usibonyeze bado. Kama una kundi la bibi na unalipenda, lifungue, chagua picha zake, ziweke kwenye albamu. Albamu haiguswi. Ukishazima, kutafuta kwa lile jina ulilompa hakutakuletea tena kundi lake. Na ukija kuwasha tena, itapima upya picha zote zilizomo.

Kuzima ni kwa akaunti nzima, si kwa simu. Mwenye Jimeili mbili azime kote kote. Angalia vizuri uko kwenye ipi. Halafu rudi sehemu ya kutafuta: mstari wa sura ukiwa haupo, imekubali.

Facebook wao Novemba 2021 walitangaza kuufunga utambuzi wao wa sura na kufuta vipimo vya watu zaidi ya bilioni moja. Hiyo ilikuwa kampuni nzima. Huku kila mtu anazima mwenyewe, na hapo ndipo pabaya: shemeji aliyekupiga picha harusini Mikindani ana kundi lako kwenye akaunti yake, na swichi yako hailigusi. Huyo mpigie, mwambie, 'Shemeji, naomba uzime na wewe.' Haina gharama zaidi ya bando kidogo.

Alama tatu kati ya kumi naipa, kwa sababu ya kule kuficha tu. Wa Lindi mliouliza kuhusu aifoni, video yenu inafuata.