Color Touch na divelopa ya asilimia 1.9 kwenye nywele zilizobaki za machungwa

Ninaitumia Color Touch ya Wella kurudisha kahawia nywele zilizopigwa blichi zikachakaa rangi, na kwa kazi hiyo naipa alama za juu. Haina amonia, na ukiichanganya na divelopa yake ya asilimia 1.9 (kama volyumu 6) inapaka rangi bila kupunguza weusi wa nywele. Ukitumia ya asilimia 6, pale mizizi nyeusi inapoguswa hubadilika kuwa wekundu wa kutu, halafu unabaki na mkanda unaoonekana kwa mbali.

Usidhani basi divelopa unaweza kuiacha kabisa. Rangi hii hukomaa ndani ya nywele kwa msaada wa peroksaidi, kwa hiyo ukichanganya na maji matupu inaishia kwenye taulo. Ukikosa ya 1.9, sehemu moja ya divelopa ya asilimia 6 na mbili za maji yaliyochujwa zinakupa asilimia 2. Ila mchanganyiko unakuwa mwepesi na kuchuruzika hadi shingoni, nami huo naufanya nikiwa sina jinsi.

Tuchukue nywele za mabegani, machungwa yaliyofifia kama namba 7, mwenyewe anataka kahawia ya namba 5, maana namba ikishuka rangi huzidi kuwa nyeusi. Nachukua 6/0, si 5/0, kwa sababu nywele za blichi zina magamba yaliyofunguka na hunywa rangi kupita kiasi. Namba 5 ingetoka karibu nyeusi. Gramu 40 za rangi kwa mililita 80 za divelopa zinatosha. Napaka kwenye nywele safi zilizokaushwa kwa taulo, nikianzia katikati, na mizizi nyeusi siigusi. Ncha nazipaka mwisho, zikiwa zimebaki dakika kama 8 hivi kati ya 20, maana ndizo huwahi kuiva. Ili kupima, futa uzi mmoja kwa taulo yenye maji uutazame: rangi iliyo juu ya krimu hudanganya, huonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni uchaguzi wa namba. Machungwa yaliyobaki hukupa joto la kahawia bure, hivyo namba ya kawaida inatosha. Lakini nywele zikishafika njano iliyopauka, kahawia ya kawaida juu yake hutoka kijivu chenye ukijani kama tope. Hapo changanya robo ya rangi yenye dhahabu au shaba, na ukiona umeikosa usiongeze namba ya majivu, itazidi ukijani.

Kwa nywele nyeusi za asili usitarajie kitu zaidi ya mng'ao kidogo juani, na mvi nyingi hazizibi vizuri. Jaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla, na dawa ya kulainisha nywele usiitie siku hiyo hiyo.