Uzoefu wangu na Lens Distortion ya GIMP: kunyoosha ukuta kabla ya kubadili maandishi

Mwenye duka la korosho huko Mikindani aliniletea picha ya ukuta wake, akitaka aone jina jipya litakavyokaa kabla hajamlipa mchoraji. Kwa kuwa uchochoro wenyewe ni mwembamba, picha ilikuwa imepigwa kwa lenzi pana ya simu, na mstari wa rangi ya bluu uliopita chini ya jina la zamani ulikuwa umebinuka katikati kama upinde. Mara ya kwanza sikuujali. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nilifuta herufi za zamani, nikaandika mpya juu yake, kisha nikashangaa kuona herufi za pembeni zimekaa vizuri ilhali za katikati zimezama miguu ndani ya mstari. Maandishi ya kompyuta yamenyooka. Ukuta wa picha haukunyooka.

Nilirudi kwenye picha halisi isiyokatwa, na jambo hili nalisisitiza, kwa sababu Lens Distortion, kichujio kinachonyoosha mistari iliyopindwa na lenzi, huhesabu mpindo kuanzia katikati ya picha, hivyo ukikata upande mmoja kwanza, kitovu kinahama na marekebisho hayatakubali. Nikavuta mstari elekezi kutoka kwenye rula hadi karibu na ncha mbili za mstari wa bluu, nikafungua Filters > Distorts > Lens Distortion, nikashusha kitelezi cha Main chini ya sifuri polepole nikitazama pengo la katikati likipungua. Kwa picha yangu lilifungika karibu na -14, lakini karibu na ncha mstari ukaanza kupinda upande wa pili. Hapo ndipo Edge inapofaa: niliipandisha hadi 6 na mawimbi yale yakatulia. Namba hizi ni za simu hiyo na picha hiyo, usizinakili.

Baada ya hapo mstari ulikuwa umenyooka ila umelala kidogo, kwani mpiga picha alisimama upande mmoja wa mlango. Huo si mpindo wa lenzi, na kuendelea kuvuta Main kunauharibu ukuta tu. Niliumaliza kwa zana ya Perspective. Ndipo nikafuta herufi na kuandika.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Kila marekebisho hulainisha picha kidogo, kwa hiyo chembechembe za chokaa zilififia, na nililazimika kuyalainisha pia maandishi mapya ili yasionekane yamebandikwa. Pili, kushusha Main husukuma kingo za picha nje ya fremu, na ukishusha Zoom ili kuzirudisha, sehemu za pembeni zinaweza kubaki tupu. Mtu aliyekuwa amesimama ukingoni alibaki amenenepa vilevile, maana kutanuka huko hutokana na upana wa lenzi yenyewe, na kichujio hakikukusudiwa kuuondoa unene huo.

Mwenye duka alipoiona akasema, “Kaka, mbona hapa mstari haugusi herufi hata moja?” Nikamwambia hilo ndilo lililonichukua jioni nzima.