PS5 inagoma kushusha gemu ukiilaza? Angalia hapa kwanza

Wadau, karibuni tena. Uchambuzi wa pedi upo njiani, lakini leo kuna jambo linaniudhi. Unaacha gemu linashuka, unailaza PS5, asubuhi unakuta asilimia ni zilezile. Watu wanalaumu bando, wanalaumu ruta, kumbe mashine yenyewe imekata intaneti ilipolala.

Twende kwenye skrini. Settings, System, Power Saving, kisha Features Available in Rest Mode. Ona palivyofichwa! Hapa kuna mistari mitatu na wengi wanawasha yote. Supply Power to USB Ports ni ya kuchaji pedi, haihusiani na kushusha gemu. Enable Turning On PS5 from Network ni ya kuiamsha mashine ukiwa mbali kwa Remote Play. Unaoutaka ni Stay Connected to the Internet. Mimi nawasha huo tu, hii miwili naiacha imezimwa. Umeme unanunuliwa, jamani. Siku ya kwanza kuiwasha mashine, inakuuliza kuhusu matumizi ya umeme, na aliyechagua ya chini kabisa huenda ndiyo maana umezimwa.

Sasa tuilaze. Bonyeza kitufe cha PS, nenda kwenye Power, chagua Enter Rest Mode. Usiguse Turn Off PS5, hiyo inazima kila kitu na gemu halishuki ng'o. Tazameni taa: inapepesa chungwa, sasa imetulia chungwa. Hapo ndipo imelala. Msichomoe waya ikiwa hivi, maana ukiiwasha itakulalamikia kwamba haikuzimwa vizuri.

Kabla ya kulala fungua Downloads/Uploads, kariri asilimia, irudie baada ya nusu saa. Ikiwa imesogea, intaneti inafanya kazi na kilichobaki ni subira. Gemu la GB 60 kwa kasi ya Mbps 20 linataka saa sita na dakika arobaini, hata mambo yote yakienda sawa. Kwa hiyo aliyeilaza saa sita usiku akaamka saa kumi na moja asubuhi asiseme imekwama. Isiposogea kabisa, angalia nafasi kwenye Storage, halafu uliza nani nyumbani huzima ruta usiku. Hilo la ruta hakuna mpangilio wa PS5 utakaolitibu.

Wenye Xbox najua mnacheka. Kwenu ni Settings, General, Power options, na kweli hata Shutdown (energy saving) inaruhusu masasisho kushuka usiku kwa umeme kidogo sana. Hapo wamewazidi Sony, nakubali. Ila bei ya mashine zenyewe ni mjadala mwingine, tutaufungua kwenye video ijayo. Aliyewasha huo mstari na bado inagoma aandike hapo chini taa yake ina rangi gani.