Bamba la chuma juu ya kuni: uzoefu wangu wa miezi minane

Bamba langu la kupikia nilikatiwa na fundi wa kuchomelea hapa Tanga. Ni chuma kitupu cha milimita 6, urefu sentimita 60, upana 45, na uzito wake unakaribia kilo 13. Kabla yake nilikuwa na la milimita 3 kutoka karakana nyingine. Katikati ilipopata moto huku kingo zikiwa bado za baridi, lilibinuka kama mgongo wa kobe. Chapati zikawa zinagusa chuma katikati tu na mafuta yote yanakimbilia pembeni. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwambie milimita 6, na usikubali bati la kuezekea hata ukipewa bure, kwa sababu lina mpako wa zinki, na zinki ikishika moto mkali moshi wake ni sumu.

Nalilaza juu ya matofali, shubiri moja kutoka ardhini, kuni zinaingia upande mmoja tu. Linahitaji dakika 20 hivi kupata moto sawasawa. Wengi hukosea hapa: wanaona ndimi za moto zinalamba chuma, wanaweka nyama, inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Kujua wapi kuna moto mkali natumia unga wa ngano. Nanyunyiza kidogokidogo sehemu sita au saba. Ukiwa mweusi na kufuka moshi kabla sijahesabu tano, hapo pamezidi. Ukigeuka rangi ya kahawia taratibu, nikifika kumi na tano au ishirini, hapo ni pa chapati. Ukibaki mweupe, hapo ni pa kuwekea vilivyoiva visipoe. Kisha naufuta kwa kitambaa kikavu nilichokifunga kwenye mwiko. Kilichonishangaza siku za mwanzo ni kwamba sehemu kali haikuwa katikati. Upepo wa baharini wa alasiri unalaza moto, kwa hiyo joto linahamia upande ule unakoelekea upepo, wakati mwingine hadi sentimita 15 kutoka pale kuni zinapowaka. Ndiyo maana unga naunyunyiza tena kila ninapoongeza kuni.

Chuma hakisambazi joto haraka kama sufuria ya alumini, na watu wanalihesabu hilo kuwa kasoro. Kwangu ndiyo faida yenyewe. Jumamosi iliyopita nilipikia watu kumi, mbavu za mbuzi na chapati kwa pamoja. Makaa niliyavuta kwa fimbo yakakaa chini ya theluthi moja ya bamba, katikati nikaacha machache, upande wa tatu sikuweka kitu. Mbavu zilianzia kwenye moto mkali dakika mbili mbili kila upande, zikahamia ukingoni kuiva hadi kwenye mfupa. Chapati zikapikwa katikati. Bamba zito halipoi kwa kuondoa kuni tu, linakaa na joto lake muda mrefu. Kitu kikianza kuungua, ondoa chakula kwanza, kuni baadaye.

Sasa habari ya moto kulipuka. Mara ya kwanza mafuta ya mbuzi yalitiririka yakadondoka mbele, pale kuni zinapoingilia. Moto ulipanda ukalamba ukingo, na mafuta yaliyotuama juu ya bamba nayo yakawaka. Mtoto wa kaka yangu akakimbilia jagi la maji.

"Usimwage, mwanangu! Rudi nyuma!"

"Lakini baba mdogo, unaungua!"

Maji yakigusa mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta kila upande. Nilisogeza nyama kwa koleo refu hadi upande wa baridi, nikafunika pale panapowaka kwa sufuria kavu niliyoipindua, nikavuta kuni nje. Moto ulikosa hewa ukazima.

Tangu siku hiyo naweka kipande cha kigae chini ya kona mbili za mbele, bamba linainama kidogo kuelekea nyuma, mbali na mdomo wa moto. Kabla ya kuwasha nadondosha maji nione yanakokwenda. Nyuma nimetega kopo la kupokea mafuta. Nyama ya mafuta mengi siiweki yote kwa wakati mmoja, na mafuta yakianza kutuama nayasukuma kwa mwiko kabla hayajaanza kufuka moshi.

Malalamiko yangu kwa bamba lenyewe ni moja: halina ukingo ulioinuka. Nitalirudisha kwa fundi aunganishe pau nyembamba pande tatu, upande wa kopo ubaki wazi.