Oili ya difu ya nyuma: ununue ipi, na lini utie dawa ya LSD

Ukiingia duka la spea hapa Mombasa ukaomba oili ya difu, utawekewa mezani makopo matatu au manne yenye namba tofauti na bei tofauti. Mwongozo huu ni wa mwenye Hiace, pikapu au gari jingine la kubeba mzigo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Kwanza tafuta herufi GL kwenye kopo. Kwenye difu, pinioni husugua meno ya kraunwili kwa mteremko huku ikiyabana kwa nguvu nyingi, na oili isiyo na kinga ya kutosha hukamuliwa ikatoka katikati, chuma kikabaki kinakula chuma. GL-5 ndiyo iliyotengenezewa kazi hiyo. GL-4 ni ya giaboksi nyingi za mkono; ukiitia kwenye difu, meno yataanza kuchubuka na utasikia mvumo unaobadilika kila ukikanyaga na kuachia mafuta.

Kisha namba. Ile yenye W inahusu baridi, nayo inapimwa chini kabisa ya sifuri: 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Mombasa baridi hiyo haipo, kwa hiyo usilipie 75W kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Kinachokuhusu ni namba ya mwisho, uzito wa oili ikiwa moto. Wala 90 isikutishe, kwani vipimo vya oili ya gia si vile vya injini. Oili ya 90 ikiwa moto ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza, kwa difu ya kawaida, ni 80W-90 GL-5. La pili ni 85W-140 GL-5, lakini kwa gari linalopanda Mazeras limejaa kila siku tu, na kitabu cha gari kiwe kinairuhusu. Gari jepesi litaburuta uzito huo bure na kula mafuta zaidi. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi siiweki kwenye orodha hata kidogo.

Difu ya LSD, yaani ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, ina hesabu yake. Nyingi zina sahani za klachi ndani, zinazobana ili gurudumu moja likiteleza kwenye matope, lile jingine lipate nguvu. GL-5 tupu huzifanya sahani hizo zishike na kuachia kwa mishtuko. Ukikata kona kali polepole, kama unapogeuza gari stejini, utasikia nyuma inanguruma na kutetemeka. Dawa ya LSD huzifanya ziteleze kwa ulaini. LSD za gia tupu, zisizo na sahani, kwa kawaida haziihitaji.

Ili ujue unayo ipi, tafuta kwanza kibandiko kinachotaja LSD karibu na nati ya difu. Kama kimefutika, kaza vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua yote mawili ya nyuma uyaweke juu ya stendi, toa gia na uachie hendibreki. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Lile jingine likienda upande uleule, una LSD. Likirudi kinyume, huenda ni difu ya kawaida, lakini LSD iliyokwisha sahani hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo hakikisha kwenye kitabu.

Kwa LSD, namba moja kwangu ni oili iliyoandikwa LSD tayari, kama 85W-90 GL-5 LSD, maana hakuna kupima. Ikikosekana, nunua GL-5 ya kawaida na chupa ya dawa. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kutolea, kwa sababu ikikwama utakuwa hujamwaga kitu. Oili chafu ikiisha kutoka, tia dawa kwanza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu jaza oili mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu. Ukianza na oili, dawa itakosa nafasi.

Endesha polepole ukizunguka namba nane kwenye uwanja mtupu, ili mchanganyiko uingie kati ya sahani. Kelele ikibaki, ongeza dawa kidogo tu. Ikizidi, sahani zitateleza na LSD itapoteza kazi yake. Na kama oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Safisha kipumulio cha ekseli na kagua sili kabla ya kumimina oili mpya.