Mwongozo wa waandishi wa katuni ya mfululizo: uanze na fomula au na mhusika?

Chukua katuni ya vipindi vya dakika 11 kuhusu Tunu, punda mdogo wa Lamu anayeelewa lugha ya mashua.

Mwongozo unaoanza na fomula husema: tatizo lijitokeze kabla ya dakika ya 2, majaribio mawili yashindwe, la tatu lifaulu. Waandishi wapya huushika upesi, ila kufikia kipindi cha kumi ukimweka mbuzi mahali pa Tunu hadithi haibadiliki.

Unaoanza na mhusika husema: Tunu haoni haya kwa lolote, isipokuwa kukiri kwamba hajui. Hapo kosa la kila kipindi linatoka kwake mwenyewe. Ulimwengu wake nao uwekewe mpaka: mashua husema zikiwa majini tu. Vinginevyo kila fumbo litaishia kwa kuziuliza mashua. Mimi huanza na huu. Fomula naiandika baada ya kujaribu visa vitatu.