Banzi la kidole nililouziwa Kariakoo: bidhaa nzuri, mauzo ya ovyo

Ninaandika tathmini hii nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe si ya banzi, bali ya kijana aliyeniuzia katika duka moja la vifaa tiba hapa Kariakoo. Mimi ni fundi cherehani, na mkono wangu wa kulia hushinda umebana mkasi wa kukatia vitambaa vizito. Miezi kadhaa iliyopita kidole cha pete kilianza kunigomea kila asubuhi: nikikikunja kinanasa hapo hapo, na nikikivuta kwa mkono wa pili kinafyatuka ghafla kwa maumivu ya kutoa machozi. Jua likishapanda, kinalegea na kufanya kazi.

Nilimweleza muuzaji hayo yote, nikamwonyesha na kifundo kidogo kilicho kiganjani, chini ya shina la kidole, kinachouma kikibonyezwa. Hakukitazama. “Mama, kidole ni kidole, hili linamfaa kila mtu,” akasema, akalifunga kwenye viungo viwili vya juu, akapokea fedha na kurudi kwenye simu yake. Nililivaa usiku na mchana kama alivyoagiza. Viungo hivyo viwili vikakakamaa, kifundo kikabaki palepale, na niliporudi kulalamika nikajibiwa mbele ya wateja kwamba kitu kilichovaliwa hakirudishwi na kwamba maradhi ya uzee hayana dawa. Hata hamsini sijafika.

Nilikuwa tayari kuwaonya watu wasilinunue banzi hili kabisa, mpaka nilipokutana na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya serikali, ambaye alinieleza kwamba tatizo halipo kwenye kiungo kinachofyatuka, ingawa huko ndiko maumivu yanakosikika. Kano inayokunja kidole hupita ndani ya pete ngumu iliyo kiganjani, karibu na shina la kidole. Pete hiyo ikinenepa na kano ikafanya uvimbe, inakuwa kama uzi wenye fundo unaolazimishwa kupita kwenye tundu la sindano. Usiku kidole hakitumiki na mara nyingi hulala kimekunjwa, ndiyo maana asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo kinachotakiwa kuzuiwa kisikunjike ni kiungo cha shina, pale kidole kinapoungana na kiganja, huku viungo viwili vya juu vikiachwa huru ili visikakamae. Mtaalamu huyo alichukua banzi lilelile, kipande cha alumini chenye sponji, akalikata, akalipinda, akalilaza kutoka katikati ya kiganja hadi pingili ya kwanza ya kidole na kulifunga kwa mkanda usiobana damu. Aliniambia kwamba matibabu haya huchukua wiki 6 hadi 10, na kwamba wengi hulivaa usiku tu. Asubuhi ninaloweka mkono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, ninakunja kidole taratibu bila kukilazimisha, na nimeacha ule mchezo wa kukifyatua ili kuona kama bado kinanasa. Vishikio vya mkasi nimevizungushia kitambaa kinene, nisiubane kwa nguvu. Kidole bado kinasita, lakini sasa kinanyooka chenyewe.

Hapo nilitaka kulipatia banzi nyota nne. Kisha nikakumbuka kwamba mtaalamu aliniuliza mapema kabisa kama nina kisukari, kwa sababu wenye kisukari hupatwa zaidi na hali hii, na sindano ya steroidi, ambayo daktari huchoma kiganjani pale banzi linaposhindwa, inaweza kuwapandishia sukari kwa siku kadhaa. Upo pia upasuaji mdogo wa kuikata ile pete chini ya ganzi. Muuzaji hakuuliza lolote. Angeweza kumfungia banzi hilohilo mtu ambaye kidole chake hakinyooki tena hata kikivutwa, ambaye anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa, au mwenye kidole kilichovimba chote, chekundu, cha moto na chenye homa juu yake, ambaye huenda ana usaha ndani na anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo.

Nyota mbili, basi. Ya tatu ningeiongeza kama ndani ya pakiti kungekuwa na karatasi yenye mchoro unaoonyesha mahali pa kulivalisha. Anayelihitaji alinunue kwingine, na kabla ya kulipa amuulize muuzaji linazuia kiungo kipi. Akijibiwa kwamba kidole ni kidole, atoke na fedha zake.